Kabla hujasaini: mkataba wa kupanga unatakiwa uwe na nini

[Kamera usoni, mtangazaji kashika karatasi]

Umepata chumba, umekipenda, mwenye nyumba kakutolea karatasi anakwambia saini hapa tumalizane. Subiri kwanza. Usisaini, hela usitoe, nipe dakika 6 tu.

Mi nilipopanga mara ya kwanza mkataba wangu ulikuwa nusu ukurasa, majina, kodi, tarehe, saini, basi. Nikakaa miaka 2 bila ugomvi wowote. Siku ya kutoka nadai dipoziti yangu naambiwa sinki lina ufa na mlango wa kabati umeng'oka bawaba, wewe ndo umeharibu. Na vyote hivyo nilivikuta! Lakini ningeonyesha nini? Picha sina, na kwenye mkataba hakuna hata mstari mmoja unaosema nyumba niliikuta na hali gani. Dipoziti ikaenda yote. Tangu siku hiyo mkataba wowote nikipewa najiuliza kitu kimoja, siku natoka humu hii karatasi itanijibia nini?

Haya, tuanze na majina. Jina kamili lako na la mwenye nyumba, namba za vitambulisho, simu, na anwani ambayo barua ikitumwa inamfika. Kama anayekupangisha ni dalali au ndugu wa mwenye nyumba, mwombe karatasi inayoonyesha karuhusiwa kusaini na kupokea hela. Usione aibu kuuliza, maana wapo watu wamelipa kodi kwa mtu ambaye nyumba siyo yake, af mwenyewe akaja kuwatoa.

Halafu nyumba yenyewe. Usikubali iandikwe "chumba kimoja" tu. Chumba namba ngapi, kiko wapi, choo ni chako peke yako au mnashea, stoo imo? Sehemu ya kuegesha gari imo? Ulichoahidiwa kwa mdomo wakati unazungushwa kiandikwe humu humu, kama aliahidi kupaka rangi kabla hujahamia basi iandikwe atapaka na mpaka tarehe ngapi.

Kodi: kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, inalipwa kila tarehe ngapi, kwa njia gani, kwenye akaunti ya nani, na ukichelewa inakuwaje. Ukilipa keshi lazima upewe risiti, na hilo pia liwe kwenye mkataba. Kingine watu wanasahau ni kupandishwa. Kama hakuna mstari unaosema kodi haitapanda mpaka muda wa mkataba uishe, au itapanda kwa kiasi gani na utaambiwa siku ngapi kabla, hapo mnaachiana mwanya wa kugombana.

[Maneno kwenye skrini: DIPOZITI]

Sasa hapa tukae kidogo maana ndo hela za wapangaji wengi zinapotelea. Dipoziti siyo kodi ya mwezi wa mwisho, labda mkubaliane hivyo na muandike. Ile ni hela yako ambayo mwenzio kaishika kwa ajili ya uharibifu au deni. Kwa hiyo mkataba useme ni kiasi gani, itakatwa kwa mambo gani, na itarudi lini. Maneno "itarudishwa mpangaji akihama" hayatoshi kabisa, akihama lini, baada ya wiki au baada ya mwaka? Andikeni kitu kama hiki:

"Mwenye nyumba atarudisha dipoziti ndani ya siku 14 tangu mpangaji akabidhi funguo. Makato yoyote yataandikwa moja moja pamoja na risiti za matengenezo. Uchakavu wa kawaida hautakatwa."

Hiyo sentensi ya mwisho ipiganie. Rangi kufifia ukutani kwa jua ni uchakavu wa kawaida, hata ungekaa nani ingefifia. Mlango uliotobolewa, huo ni uharibifu. Bila huo mstari unaweza ukalipishwa rangi ya nyumba nzima.

Na dipoziti bila orodha ya hali ya nyumba haina ulinzi. Siku ya kukabidhiwa funguo zungukeni pamoja chumba kwa chumba, muandike kila kitu: bomba la jikoni linavuja, kioo cha dirisha la pili kina ufa, taa ya kibarazani haiwaki, funguo ziko 3. Wote msaini hiyo orodha na iambatanishwe na mkataba. Kuna mita ya umeme au maji? Andikeni namba inayosomeka siku hiyo, usije ukalipa deni la aliyekutangulia. Na mkataba useme bili ipi yako na ipi yake, kama mita mnashea mnagawanaje, kwa vichwa au kwa vyumba. Takataka, ulinzi, taa za nje, vyote hivyo uliza.

Matengenezo nayo yagawanywe. Mara nyingi mwenye nyumba anabeba paa, kuta, mabomba ya ndani ya ukuta, nyaya za umeme, mpangaji anabeba vitu vidogo kama balbu na alichovunja mwenyewe. Ila usibahatishe, yaandikwe. Na uandikwe muda pia, ukitoa taarifa kwamba paa linavuja afike ndani ya siku ngapi, na asipofika je unaruhusiwa kutengeneza ukakata kwenye kodi? Bila hicho kipengele usikate kodi kwa kujiamulia, unaweza kujikuta wewe ndo umevunja mkataba.

Mwenye nyumba kuingia ndani pia kuandikwe. Nyumba ni yake sawa, lakini wewe ndo unaishi humo. Atoe taarifa, masaa 24 kabla kwa mfano, isipokuwa dharura kama moto au bomba limepasuka.

Sheria za nyumba, wageni, mifugo, kufanyia biashara, kumpangisha mtu mwingine, hizo soma tu uone kama unaweza kuishi nazo, kama huwezi sema sasa hivi.

[Maneno kwenye skrini: KUTOKA]

Mkataba unaanza lini unaisha lini, ukiisha unajiendeleza wenyewe au mnasaini upya? Notisi ni ya muda gani, na hii iangalie kwa makini sana, iwe kwa pande zote mbili, maana nimeshaona mkataba mpangaji anatakiwa atoe notisi ya miezi 3 ila mwenye nyumba akitaka anamtoa kwa wiki 2. Ukihama kabla ya muda kuisha unapoteza nini? Nyumba ikiuzwa wewe unabaki? Yote yawemo. Ujue pia sehemu nyingi sheria ina kiwango chake cha notisi na dipoziti, na mkataba ukienda kinyume na hapo mara nyingi sheria ndo inafuatwa, so ulizia sheria ya unapoishi kabla hujasaini.

Ukifika kwenye kusaini, saini kila ukurasa. Nafasi iliyo wazi ipigwe mstari, na palipofutwa wote mtie saini pembeni. Awepo shahidi wa kila upande. Na usiondoke na ahadi ya "nakala ntakutumia", ondoka nayo mkononi ikiwa na saini zote.

Akikwambia hana muda wa kusubiri usome, mwambie unaomba uondoke nayo mpaka kesho. Akikataa hata hilo, mi ningetafuta chumba kingine.

Ukishahamia, jioni ile ile kabla hujapanga vitu piga picha kila kona, mtumie mwenye nyumba kwenye simu uandike "hii ndo hali niliyoikuta leo", na hizo meseji usizifute mpaka dipoziti yako irudi.