YAH: OMBI LA KUREJESHEWA SH. 25,000 ZA CHAJA ILIYOPATA MOTO

Tabata Kimanga,
Dar es Salaam.
20 Juni 2025

Kwa Mwenye Duka la Vifaa vya Simu,
Mtaa wa Aggrey, Kariakoo,
Dar es Salaam.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Jumamosi tarehe 14 Juni nilinunua dukani kwako chaja ya simu, ile nyeupe ya wati 20 yenye waya wa taipu C, kwa shilingi 25,000. Nililipa kwa simu kupitia lipa namba yenu na nikapewa risiti ya EFD. Kijana wako wa kaunta alinihakikishia kwa mdomo kwamba ina garantii ya miezi sita. Haikumaliza hata siku nne.

Jumanne tarehe 17, saa mbili usiku, niliichomeka sebuleni nikaenda jikoni kugeuza chapati. Kama dakika ishirini hivi baadaye nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Kwanza nilidhani ni jirani anachoma taka, maana ndiyo saa zake. Nilipoingia sebuleni nikakuta chaja imechemka kiasi cha kutoshikika. Nilizima swichi ya ukutani, nikakunja khanga mara mbili ndipo nikaweza kuichomoa. Upande mmoja wa ganda umelainika na kubonyea, na kwenye soketi imebaki alama ya kahawia ambayo nimeisugua haitoki. Mjukuu wangu wa miaka mitatu alikuwa amekaa chini, hatua mbili kutoka hapo. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi, si hizo elfu ishirini na tano.

Kesho yake niliirudisha. Kijana aliigeuza mara moja tu mkononi akasema, "Mama, umeme wa huko kwenu ni mkubwa." Kwenye chaja yenyewe pameandikwa INPUT 100-240V, na umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Usiku ule friji na feni vilikuwa vinafanya kazi na havikupata shida yoyote. Chaja yangu ya zamani nimeichomeka kwenye soketi ya pembeni, simu ikajaa vizuri, na chaja ikawa ya uvuguvugu tu kama ilivyo siku zote. Akaniuliza kama nilikuwa naongea na simu huku inachaji. Nilikuwa nageuza chapati.

Baadaye akalegea, akaniletea nyingine kutoka kwenye boksi lile lile. Namshukuru kwa hilo, lakini niliikataa na bado naikataa. Kama hii imefanya hivi, sina sababu ya kuiamini ndugu yake, na sitakaa macho usiku kucha nikilinda chaja. Ndipo aliponionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Karatasi hiyo ingenihusu kama ningebadili mawazo au rangi isingenipendeza. Mimi nimerudisha kitu kibovu, na karatasi ya ukutani haimwondolei muuzaji wajibu wake kwa kitu kibovu.

Kwa hiyo naomba nirudishiwe shilingi 25,000 zangu kamili, si chaja nyingine wala bidhaa ya thamani hiyo. Unaweza kuzituma kwenye namba ile ile niliyolipia, ipo kwenye miamala yenu ya tarehe 14 Juni mchana. Gharama ya soketi sikudai, fundi wa mtaani nitamlipa mwenyewe.

Chaja ninayo, pamoja na waya na boksi lake. Fundi alitaka kuifungua aone ndani nikamkatalia, usije ukaambiwa imechokonolewa. Nitaileta siku utakayosema wewe mwenyewe upo, maana ningependa uione kwa macho yako. Na barua hii nimeambatanisha kivuli cha risiti na picha tatu: ganda lililobonyea, maandishi ya nyuma ya chaja, na soketi.

Naomba majibu hadi Ijumaa tarehe 27 Juni. Nikikosa majibu nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, ambao ndio wanaoshughulikia haki za walaji. Nisingependa tufike huko. Kwako nimenunua simu mbili na makava yasiyo na idadi tangu 2021, na hatujawahi kukwaruzana.

Jambo moja nje ya ombi langu: hizo zilizobaki kwenye lile boksi, tafadhali zitoe kwenye shelfu kwanza uzijaribu. Wapo wanaochomeka chaja kitandani na kulala.

Wako mteja,

Mama Zuhura