BARUA YA KUKAIMU NAFASI YA MENEJA WA CHAMA

CHAMA CHA USHIRIKA CHA WAKULIMA WA ZABIBU
Ofisi ya Mwenyekiti wa Bodi
Hombolo, Dodoma

19 Januari 2026

Ndugu Elia Mazengo,
Meneja Msaidizi.

YAH: KUKAIMU NAFASI YA MENEJA WA CHAMA KUANZIA TAREHE 2 FEBRUARI 2026

Tafadhali husika na somo la hapo juu.

2. Bodi, katika kikao chake cha tarehe 15 Januari 2026, imekuteua kukaimu nafasi ya Meneja wakati Bi. Rehema Chilewa akiwa kwenye likizo ya uzazi ya siku 84, kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Utakaimu kuanzia Jumatatu tarehe 2 Februari hadi Jumapili tarehe 26 Aprili 2026. Bi. Rehema akiripoti kazini tarehe 27 Aprili, ukaimu wako umekoma bila kusubiri barua nyingine. Ikiwa atajifungua mapacha, sheria inampa siku 100. Hapo Bodi itakuandikia kuongeza muda. Bila barua hiyo, usijiongezee hata siku moja.

3. Umekabidhiwa ofisi wakati mgumu kuliko yote kwetu, kwa sababu mavuno ya mwanzo wa mwaka yataangukia mikononi mwako. Zabibu ikishakatwa haisubiri kikao. Kwa hiyo shughuli zote za mapokezi ni zako na huna haja ya kuomba ruhusa: kupanga zamu za wakulima, kukodi magari ya kwenda kiwandani, kuajiri vibarua wa kutwa wasiozidi 12 kwa siku, na kukataa kreti zenye zabibu mbichi au zilizooza. Kila asubuhi, kabla ya kreti ya kwanza kupanda mizani, hakikisha mizani inasoma sifuri mbele ya wakulima waliopo na stika ya Wakala wa Vipimo haijapitwa na muda. Kipimo cha sukari kisomwe mkulima akiona, na namba iandikwe kwenye stakabadhi yake papo hapo. Malalamiko mengi yanayofika mezani kwangu huanzia hapo, na mkulima aliyehudumia mizabibu yake mwaka mzima anastahili kuondoka akijua alichopimiwa.

4. Malipo ya uendeshaji yasiyozidi shilingi 3,000,000 kwa muamala mmoja utayaidhinisha wewe pamoja na Mhasibu. Zaidi ya hapo hadi shilingi 10,000,000 lazima iwepo saini yangu, na yanayozidi kiwango hicho yaje kwenye Bodi. Ni marufuku kuligawa deni moja katika hati kadhaa ili kila hati iwe chini ya kiwango. Fedha za mauzo ya wakulima hazihesabiwi kuwa za uendeshaji. Zinalipwa kwa orodha ya stakabadhi tu, na hakuna dharura ya ofisi itakayozigusa.

5. Huna mamlaka ya kusaini au kubadili mkataba wa bei na mnunuzi yeyote. Kiwanda kikitaka kushusha bei kwa hoja ya sukari kidogo, pokea hoja hiyo kwa maandishi na unipigie siku hiyohiyo. Usikubali kwa mdomo hata kama gari limeshafika getini, kwani neno la Kaimu Meneja litachukuliwa kuwa neno la chama. Vilevile huruhusiwi kukopa kwa jina la chama, kwa kuwa ukomo wa madeni hupitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Pia huruhusiwi kuuza au kuweka rehani mali, kuajiri wa kudumu, wala kumfukuza mtumishi. Onyo la maandishi unaweza kutoa. Kosa kubwa zaidi lilete kwenye Bodi.

6. Makabidhiano yatafanyika Ijumaa tarehe 30 Januari saa 3:00 asubuhi mbele ya Mkaguzi wa Ndani: fedha taslimu, vitabu vya stakabadhi kwa namba zake, dawa na salfa zilizoko ghalani, na funguo. Baada ya hapo nakuomba sana usimsumbue Bi. Rehema kwa simu za kazi. Jambo likikutatiza, nipigie mimi, hata usiku.

7. Kila Ijumaa jioni utaniletea taarifa ya kilo zilizopokelewa, zilizokataliwa, zilizouzwa na wakulima waliolipwa.

8. Kwa muda wote wa ukaimu utalipwa posho ya kukaimu, ambayo ni tofauti kati ya mshahara wako na ule wa Meneja. Posho hiyo itakoma ukaimu ukikoma, nawe utarejea kwenye nafasi yako ya sasa na stahili zake. Kukaimu hakukupi haki ya kuthibitishwa kuwa Meneja, na Bodi inaweza kuutengua uteuzi huu kwa maandishi wakati wowote.

9. Tafadhali nijibu kwa barua kabla ya tarehe 23 Januari 2026 kuthibitisha kuwa umekubali uteuzi huu na mipaka yake. Bodi imekuona ghalani miaka yote hii, na imekuamini.

Nakutakia kazi njema.

Josephat Mnyambwa
MWENYEKITI WA BODI

Nakala:
Bi. Rehema Chilewa, Meneja
Mhasibu
Mkaguzi wa Ndani
Ofisa Ushirika, Jiji la Dodoma
Jalada binafsi