Kuhusu chakula chetu, kuanzia Jumamosi hii

Assalamu alaikum nyote. Mama, shikamoo. Naandika humu kwenye grupu la nyumbani kwa sababu tukizungumzia jikoni kila mtu hushika lake, na jioni nazi zinakunwa vile vile.

Mnajua nataka kupunguza mafuta mwilini. Leo nina kilo 86, na nalenga nusu kilo kwa wiki, si zaidi. Sitaki kupikiwa chungu changu peke yangu. Vyungu viwili ni gesi maradufu na kuosha maradufu, na siku ya kumi mpishi atachoka, wala sitamlaumu. Nataka chungu kile kile, kibadilike kidogo.

Kubwa ni nazi. Hapa kwetu siku moja yaweza kuwa na mbaazi za nazi asubuhi, wali wa nazi mchana na samaki wa nazi usiku. Naomba nazi iingie chungu kimoja tu kwa siku. Wali ukiwa wa nazi, samaki achomwe au apikwe kwa nyanya na ukwaju. Mchuzi ukiwa wa nazi, wali uwe mweupe.

Mwanaisha, mchuzi upike kwa tui la pili na la tatu, kasimile iweke kando mpaka mwisho. Kabla hujaitia, nichotee changu: vipande viwili vya samaki na upawa mmoja wa mchuzi. Kisha mimina kasimile, koroga kwa moto mdogo, uepue. Ladha yenu haipungui hata chembe, maana kasimile hata siku zote hutiwa mwisho. Ikichemka sana hukatika. Wali ndio hauna ujanja huu, tui limeshaingia ndani ya punje. Kwa hivyo wali wa nazi uwe Jumanne na Jumapili. Biriani ya Ijumaa haiguswi.

Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko cha kula, vijiko 3 kwa chungu chetu sote sita. Kijiko kimoja kina kalori kama 120, na mkono ukimimina kutoka chupani hupita vijiko sita kabla kitunguu hakijageuka rangi. Vitunguu vikianza kushika, nyunyiza maji, usiirudie chupa. Viazi vya kukaanga na bajia sitaki kuviona jikoni siku za kazi. Mkivitamani, vile vya njiani vinatosha, mle huko huko.

Sinia. Nitakaa nanyi kama kawaida, lakini na sahani yangu. Kwenye sinia mkono hufuata mikono ya wenzake na mtu hajui amekula kiasi gani. Tena Mama ukinisogezea kinofu, kwa heshima yako siwezi kukirudisha. Naomba radhi mapema, isionekane nimejitenga. Nusu ya sahani itakuwa mchicha, bamia au kachumbari isiyo na sukari. Wali uliopikwa kikombe kimoja cha chai. Samaki ukubwa wa kiganja bila vidole. Samaki msinipunguzie kwa huruma ya kunisaidia. Akiwa kidogo, saa nne usiku natafuta mkate, na kazi ya siku nzima imekwisha.

Chai yangu itengwe kabla ya sukari kuingia kwenye birika. Nitatia mwenyewe kijiko kimoja cha chai. Mahamri yabaki kwa watoto, ila yakiisha kuepuliwa yafunikwe kabatini, si juu ya meza ninapopita mara ishirini. Baba Swaleh, halua ukileta, leta robo kilo badala ya kilo; inaliwa siku hiyo hiyo na hailali nyumbani.

Mdogo wetu asipunguziwe chochote. Yeye anakua: maziwa, mayai na kasimile yake kama kawaida. Lakini makombo yake nisipewe mimi Mama Swaleh "yasitupwe". Apewe paka, Lamu hii hawakosekani.

Nitajipima Ijumaa asubuhi baada ya alfajiri, kabla ya kula. Mzani ukipanda Jumamosi baada ya biriani, msinicheke wala msinihurumie: hayo ni maji yanayoshikwa na chumvi na wali, hushuka baada ya siku mbili tatu. Tutazame wiki nne, si siku moja.

Swaleh, Jumamosi sokoni: kolekole mmoja wa kilo moja na nusu, mkatishe vipande vinane, mchicha mafungu manne, nyanya kilo moja, ndimu kumi, nazi moja, si mbili. Muuzaji akikwambia mama yako siku zote huchukua mbili, mwambie hata yeye anajua.