Chemshabongo ya Uraia: Vyama vya Siasa na Vikundi vya Shinikizo

Karatasi ya mwendeshaji, mashindano ya kidato cha tatu na cha nne. Alama 30. Soma swali mara mbili, kisha toa sekunde 30. Maswali ya 6 na 7 yapewe dakika mbili, timu ishauriane. Jibu la kwanza kutamkwa na nahodha ndilo linalohesabiwa. Usionyeshe majibu kabla ya timu zote kumaliza.

1. Ni jambo gani hasa linalokitenga chama cha siasa na kikundi cha shinikizo? (alama 2)
Jibu: Chama kinasimamisha wagombea ili kishike dola. Kikundi cha shinikizo kinataka kuwashawishi walioishika, bila kuitafuta chenyewe. Wengi hujibu "chama ni kikubwa, kikundi ni kidogo". Wanyime alama: chama cha wafanyakazi kinaweza kuwa na wanachama wengi kuliko chama cha siasa.

2. Kipi kati ya hivi si kikundi cha shinikizo? (alama 2)
A. Chama cha Walimu Tanzania
B. TAMWA
C. ACT-Wazalendo
D. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu
Jibu: C. Timu zinazojibu A huvutwa na neno "chama". CWT hutetea maslahi ya walimu na haisimamishi mgombea ubunge.

3. Taja kazi nne za vyama vya siasa katika demokrasia, ukiacha kugombea uchaguzi. (alama 4)
Jibu: Zozote nne: kukusanya matakwa ya wananchi na kuyageuza sera na ilani, kuandaa na kuchuja viongozi, kuelimisha wapiga kura, kuunda serikali vikishinda, kuikosoa na kuisimamia serikali vikiwa upinzani, kuunganisha watu wa mikoa, dini na makabila mbalimbali. "Kupinga kila kitu" si kazi ya upinzani. Kambi inayofanya kazi yake huhoji bajeti fungu kwa fungu na kuja na mbadala.

4. Ili kisajiliwe kikamilifu Tanzania, chama kinahitaji wanachama wangapi, na kutoka wapi? (alama 3)
Jibu: Angalau 200 kutoka kila mkoa (alama 1), katika mikoa isiyopungua kumi ya Muungano (alama 1), miwili kati yake ikiwa ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba (alama 1). Sharti hili linakusudia kuzuia vyama vya mkoa mmoja au kabila moja.

5. Kweli au si kweli: Mtanzania anaweza kugombea ubunge bila kudhaminiwa na chama. Toa sababu. (alama 3)
Jibu: Si kweli (alama 1). Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea awe mwanachama aliyependekezwa na chama (alama 2). Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba katazo hilo linakiuka haki. Atakayelitaja aongezewe alama moja. Kenya inaruhusu wagombea huru, kwa hiyo mwanafunzi aliyesoma habari za huko huweza kuchanganya.

6. Tume ya Jaji Nyalali ilikuta karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vyama vingi. Eleza uamuzi huo unavyoweza kutetewa, na udhaifu wake. (alama 4)
Jibu: Utetezi (alama 2): walio wachache nao wana haki ya kujumuika na kusikika, na demokrasia haimalizikii kwenye kuhesabu wengi. Udhaifu (alama 2): mfumo ambao wengi hawakuuomba unahitaji elimu ya uraia ya muda mrefu, la sivyo mpinzani huonekana adui. Toa alama kwa hoja iliyojengwa vizuri, hata kama timu inaipinga tume.

7. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi. Kikundi kinataka ibadilishwe. Pangeni hatua tano kikitumia njia halali. (alama 5)
Jibu: Mfano: kukusanya ushahidi, kuelimisha jamii kupitia redio na mikutano, kuwaona wabunge na kamati husika, kuungana na vikundi vingine, kufungua shauri la kikatiba. Njia hii ya mwisho Rebeca Gyumi aliitumia: Mahakama Kuu ilimpa ushindi mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikatupa rufaa ya serikali mwaka 2019. Hatua ya "kuchoma matairi" haina alama. Timu itakayoanza na maandamano kabla ya ushahidi ipunguziwe alama moja, kwa sababu dai lisilo na takwimu hukataliwa siku ya kwanza kwenye kamati.

8. Mbunge wa jimbo amehama chama. Kiti chake kinakuwaje? (alama 3)
Jibu: Anakipoteza (alama 2), kwa mujibu wa Ibara ya 71 (alama 1).

9. Taja hatari mbili za vikundi vya shinikizo kwa demokrasia, na namna ya kuzidhibiti. (alama 4)
Jibu: Wenye fedha kusikika kuliko wanyonge, dhibiti kwa kuweka wazi wafadhili na mapato. Viongozi kusemea wanachama wasiowauliza. Dhibiti kwa uchaguzi wa ndani na mikutano ya mwaka.

Zikifungana: Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 ni namba ngapi? Jibu: Namba 5.