Itifaki ya utafiti wa majaribio: mazoezi ya kusimama na kutembea baada ya kiharusi (toleo la 2)

Kwa nini tunaanza na utafiti mdogo

Mazoezi ya kurudiarudia kazi halisi, kama kuinuka kitini na kutembea, yanajulikana kumsaidia aliyepata kiharusi. Tusichokijua ni kama programu yetu inatekelezeka: je, wagonjwa watakubali kupangwa kwa bahati nasibu, watafanya mazoezi nyumbani bila mtaalamu kuwasimamia, na watarudi kupimwa? Kwa hiyo hatutafuti kuthibitisha kwamba mazoezi yanaponya. Hata matokeo yakipendeza, washiriki 36 hawatoshi kusema hivyo, na ripoti yetu haitasema.

Washiriki

Tutaandikisha watu wenye miaka 18 na zaidi, waliopata kiharusi mwezi 1 hadi 6 uliopita, wanaoweza kutembea mita 10 kwa fimbo au bila fimbo. Hatutamchukua mwenye maumivu ya kifua yasiyodhibitiwa, mvunjiko ambao haujapona, au shinikizo la damu linalofika 180/110 akiwa amepumzika.

Toleo la 1 liliwaacha nje wenye tatizo la kuongea. Tumelifuta sharti hilo. Wagonjwa hawa ni wengi mno kuachwa, na kuwaondoa kungetupa picha nzuri ya uongo. Anayeweza kufuata agizo la hatua mbili (“shika kiti, kisha simama”) anaingia. Fomu yake ya ridhaa ina sentensi fupi na picha, na atapewa siku nzima ya kufikiri akiwa na ndugu yake.

Upangaji

Kwa kila watu 3, wawili wataingia kundi la mazoezi na mmoja kundi la huduma ya kawaida, yaani 24 kwa 12. Hatukugawa nusu kwa nusu kwa sababu tunahitaji kujifunza zaidi kuhusu programu yenyewe. Mpangilio utaandaliwa na mtu asiyeonana na wagonjwa na kufungwa kwenye bahasha zisizopenya mwanga. Anayepima hataambiwa mshiriki yuko kundi gani. Baadhi ya washiriki wataponyokwa na kumwambia tu, kwa hiyo kila mara ataandika kama amejua.

Programu

Wiki 8, vipindi 3 kwa wiki: kimoja kliniki cha dakika 60, viwili nyumbani vya dakika 40. Jumla 24.

Zoezi la msingi ni kuinuka kitini. Mshiriki anaanza na kiti cha sentimita 50, nyayo zote mbili sakafuni, mguu dhaifu ukirudishwa nyuma kidogo ili nao ubebe uzito. Anainama mbele mpaka pua ipite magoti, kisha anasimama. Seti 3 za mara 8. Akimaliza zote bila kujisukuma kwa mikono katika vipindi viwili mfululizo, kiti kinashuka hadi sentimita 45. Hufuata kupanda kidato, kutembea huku akigeuka, na kufikia vitu akiwa amesimama. Uzito wa kazi ulenge alama 3 hadi 5 kwenye mizani ya Borg ya 0 hadi 10, ambayo mshiriki mwenyewe hutaja kazi ni nzito kiasi gani.

Nyumbani lazima awepo msaidizi aliyefundishwa. Shajara ina duara moja kwa kila kipindi: linapakwa rangi, basi.

Matokeo ya utekelezekaji

Uandikishaji: wastani wa watu 5 au zaidi kwa mwezi, tunaendelea, 3 hadi chini ya 5, tunarekebisha, chini ya 3, tunasimama.

Kubaki hadi wiki ya 8: asilimia 80 au zaidi, tunaendelea, 65 hadi chini ya 80, tunarekebisha, chini ya 65, tunasimama.

Ufuasi ndio unaotutia wasiwasi. Tutahesabu waliofanya angalau vipindi 18 kati ya 24: watu 17 au zaidi wa kundi la mazoezi, tunaendelea, 12 hadi 16, tunarekebisha, 11 au pungufu, programu inaundwa upya. Shajara hujazwa kwa aibu usiku wa kuamkia kliniki, kwa hiyo msaidizi atapigiwa simu kila wiki, siku isiyotangazwa.

Tutapima pia usawa wa mwili kwa mizani ya Berg (alama 0 hadi 56) na muda wa kusimama, kutembea mita 3, kugeuka na kurudi kukaa, ili kuona kama vipimo vinakamilika. Washiriki 10, wakiwemo walioacha, watahojiwa.

Idadi na uchambuzi

Wakibaki asilimia 80 ya 36, ukingo wa makosa kwa uhakika wa asilimia 95 ni takriban asilimia 13 kila upande. Makundi hayatalinganishwa kwa kipimo cha umuhimu wa kitakwimu.

Usalama

Kila anguko litaandikwa, hata lisilo na jeraha. Kizunguzungu, maumivu ya kifua au udhaifu mpya: zoezi linakoma na daktari anaitwa. Tukio kubwa linaloweza kuhusishwa na mazoezi litafikishwa kwa kamati ya maadili ndani ya saa 24, na hakuna mshiriki mpya atakayeandikishwa mpaka kamati ijibu.