Skripti ya simu ya kwanza, maduka ya dawa Morogoro

Hii ndo tunaanza nayo jumatatu kuuza daftari letu la kwenye simu. Namba zote tumezitoa kwenye mabango ya nje ya maduka, kwahiyo mtu akiuliza umeipata wapi jibu unalo na ni la kweli. Piga kati ya saa nne na saa sita, asubuhi sana wanafagia na kupanga, jioni wateja wanajaa.

"Haloo, shikamoo mama."

(Sauti ikiwa ya rika lako sema "habari za saa hizi dada". Subiri aitikie marahaba yake mpaka mwisho, usiirukie.)

"Mama mimi naitwa Neema, napiga kutoka Dar. Hatufahamiani, na hii ni simu ya biashara, nisikufiche. Namba yako nimeisoma kwenye bango la duka lako pale Msamvu. Naomba nusu dakika nikwambie kwa nini nimekupigia, ukiona halikuhusu niambie tu Neema hapana, nakata na sikupigii tena. Niseme mama?"

Hapo nyamaza kabisa. Kimya kitakuuma lakini usikijaze, mwache aamue mwenyewe.

Akisema "haya", sema:

"Asante. Unanunua boksi zima la dawa ya kikohozi ya watoto, mzigo mpya ukija unapangwa mbele, ya zamani inasukumwa nyuma ya shelfu, siku unapanguza vumbi unakuta chupa sita zimeekspaya. Sisi tuna daftari la kwenye simu, unaandika dawa na tarehe ya kuisha, ikibaki miezi mitatu linakutumia meseji uiuze kwanza. Hili limeshakukuta mama, au dukani kwako mna njia yenu?"

Nimeipima kwa saa, ukiongea taratibu ni kama sekunde 30, usiongeze neno. Na lile swali la mwisho liulize ukitaka jibu kweli. Akisema wana njia yao muulize wanafanyaje, kuna wanaoandika tarehe kwa maka peni kubwa juu ya boksi na kila mwisho wa mwezi wanapitia shelfu nzima, na inafanya kazi, basi mwambie hiyo ni njia nzuri, mshukuru, aga. Asiye na shida hiyo hatuna cha kumuuzia.

Akisema ana mteja:
"Mhudumie kwanza mama. Nikupigie saa nane, au niache kabisa?" Akisema acha, tunaacha.

Akikuona tapeli, na wengi wataona hivyo maana hizi meseji za ile hela tuma kwenye namba hii zimewachosha watu:
"Una haki mama, hata mimi ningeogopa. Kwenye simu hii siombi hela, siombi namba ya siri, siombi namba ya NIDA. Alhamisi mwenzetu atakuwa Morogoro, ukipenda apite dukani umwone kwa macho na kitambulisho chake, usipopenda haji."

Akiuliza bei jibu palepale, usimzungushe: "Ni elfu 15 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza bure na haikukati yenyewe, usipoitaka unaacha tu."

Akipokea muuzaji wa dukani: "Samahani dada, bosi anapatikana saa ngapi kwa namba hii hii?" Basi. Usimbane akupe namba binafsi ya bosi, atakuja kugombezwa yeye.

Kwenye skripti ya zamani kulikuwa na sentensi ya wakaguzi wa dawa wa TMDA, nimeitoa. Ni kweli dawa iliyoisha muda hairuhusiwi kuuzwa na mkaguzi akiikuta imepangwa na nzima ni tatizo kubwa, lakini ukimtaja mkaguzi kwa mtu asiyekujua anaona unamtisha, au anadhani mkaguzi ni wewe. Mwezi uliopita mama mmoja alianza kunieleza leseni yake ameibandika ukuta gani, sauti inatetemeka, mimi napiga tu kuuza daftari. Niliona aibu sana. Alikuwa amenisikiliza lakini kwa hofu, na hiyo sitaki tena kwenye simu zetu hata kama inauza.

Akisema hapana, saa yoyote ile, hata katikati ya sentensi yako:

"Sawa mama, asante kwa kunisikiliza. Biashara njema."

Usiulize kwa nini, usiseme "ila mama". Acha yeye akate kwanza, halafu fungua orodha uipake namba yake nyekundu palepale kabla hujapiga inayofuata, maana umemuahidi hatumpigii tena na kesho orodha hii anaishika mwingine.