Maneno ya Jikoni, Bukavu: Sombe, Bugali na Sambaza

Kwa wanafunzi wetu wapya wa Kiswahili. Someni kwa sauti, kisha mkaulize majina ya vitu sokoni Kadutu.

Vyombo
mbabula – jiko la makala
sufuria, kifuniko
kinu na mchi – vya kutwangia sombe
mwiko – wa mbao. Ndio unaosonga bugali
karai – la kukaangia
kisu, sahani, chungio

Vitendo
kuwasha: *Washa mbabula nje, moshi wa makala ni hatari ndani.*
kumenya (kitunguu, muhogo)
kutwanga: *Twanga sombe mpaka ilainike kabisa.*
kuchemsha: *Sombe huchemshwa kwa muda mrefu, bila kifuniko.* Msiliruke neno hili: majani mabichi ya muhogo yana sumu, na kutwanga pamoja na kuchemsha ndiko kunakoiondoa.
kusonga: *Maji yakichemka, tia unga, usonge kwa nguvu mpaka madonge yaishe.*
kukaanga, kuonja, kupakua

Viungo na vyakula
sombe – majani ya muhogo
unga wa muhogo, unga wa mahindi
mafuta ya mawese – mekundu, huipa sombe ladha yake
sambaza – visamaki vya Ziwa Kivu. Asili yao ni Ziwa Tanganyika, wakaletwa huku mwishoni mwa miaka ya 1950. Hukaangwa wazima, huliwa pamoja na vichwa vyao.
lengalenga, maharagi, nyanya, kitunguu, pilipili, chumvi

Zoezi: chukua chombo kimoja, kitendo kimoja na chakula kimoja, utunge sentensi. *Mama anakaanga sambaza kwenye karai.*